Kifurushi cha ngazi ya rezista: nyota moja, na hiyo ni ya bodi

Sijui nianzie wapi, maana bado nina hasira. Juzijuzi nilinunua Kariakoo kifurushi cha kujiundia kigeuzi cha dijitali kwenda analogi, kile cha ngazi ya R-2R cha biti nane. Bodi ni safi na matundu yamepangwa vizuri. Lehemu inashika bila kuhangaika. Nililehemu, nikakifunga kwenye pini za Arduino, nikaandika programu ya kupanda kutoka 0 hadi 255. Kwenye osiloskopu nilitarajia mstari ulionyooka unaopanda. Ulipanda vizuri hadi katikati, kisha ukashuka ghafla, halafu ukaendelea kupanda kama vile hakuna kilichotokea. Kwenye robo na robo tatu kulikuwa na mishuko mingine midogo.

Nikaacha osiloskopu, nikachukua multimita. Hata wewe unaweza kufanya hivi bila kifaa cha gharama:

```
DDRD = 255;
PORTD = 127;
```

Pima, kisha weka 128, pima tena. Kwa volti 5, namba 127 inapaswa kutoa kama volti 2.48 na 128 itoe 2.50. Mimi nilipata karibu 2.55, kisha 2.42. Namba imeongezeka, volti zimepungua!

Sababu niliiona nilipozitazama rangi za rezista. Kwenye karatasi yao wameandika kilo-ohm 10, ndiyo R, na kilo 20, ndiyo 2R. Kilo 20 ni nyekundu, nyeusi, chungwa. Walizonipa ni nyekundu, nyekundu, chungwa. Hiyo ni kilo 22.

Nikarudi dukani na mfuko wangu. Yule kijana hata hakuinua macho kwenye simu. "Dada, hiyo ni asilimia kumi tu, umeme wenyewe hauoni. Kilo 20 ni za kutafuta, 22 ziko kila mahali. Mafundi redio wote wanaweka hivyo hivyo." Akamgeukia mteja mwingine. Nimeachwa nimesimama pale na mfuko mkononi.

Sasa nimjibu hapa, kwa kuwa kule hakutaka kusikia. Kwenye ngazi hii ukubwa wa rezista si hoja. Unaweza kutumia kilo 1 na 2, au kilo 11 na 22, kazi ni ile ile. Kinachofanya kazi ni uwiano wa moja kwa mbili. Anza chini kabisa: 2R ya kufungia ngazi na 2R ya biti ya kwanza ziko sambamba, zinakuwa R. Ongeza R ya kupandia, umepata 2R tena. Hiyo inakutana na 2R ya biti inayofuata, zinalingana, kwa hiyo volti zinagawanyika nusu kwa nusu. Ukipanda kidato kingine, hesabu inajirudia. Ndiyo maana biti ya juu inatoa volti 2.5, ya pili 1.25, ya tatu 0.625, hadi ile ya mwisho yenye kama milivolti 20 tu.

Ukiweka 22 mahali pa 20, mgawanyo hauwi nusu tena. Biti ya juu inashuka hadi 2.42, na saba za chini yake zikijumlishwa zinafika 2.55. Kutoka 127 kwenda 128, hizo saba zote zinazimika na ile moja inawaka peke yake. Kosa lote linajitokeza hapo, na ni kubwa kuliko hatua sita. Ukicheza sauti kwenye kitu hiki, wimbi linakatika kila linapopita katikati.

Nikiri kidogo upande wake: kwa ngazi ya biti nne, rezista hizo hizo zingepita. Kutoka 7 kwenda 8 volti zingepanda kwa 0.18 badala ya 0.31, vidato havilingani, lakini angalau vinapanda. Kwa mwanafunzi anayetaka kuona taa inaongezeka mwanga, sawa. Lakini mfuko umeandikwa biti nane, na bei ni ya biti nane.

Nilichofanya: nikang'oa zote, nikanunua duka la jirani rezista 25 za kilo 10 kutoka ukanda mmoja. Penye R naweka moja, penye 2R naweka mbili mfululizo, zimesimama wima kwenye bodi kama pembe. Zikiwa za ukanda mmoja mara nyingi zinakaribiana sana, kwa hiyo uwiano unakaa hata kama zimeandikwa asilimia tano. Mshuko umekwisha.

Basi bodi niipe nyota nne. Hapana, tatu, maana kwa pesa ile ningeilehemu kwenye bodi ya matundu tu. Na yule kijana? Jumla ni moja. Ukienda, fungua mfuko palepale kaunta, ukiona nyekundu mbili zimefuatana, mrudishie.