Misumari ya bati: usiulize bati moja linakula mingapi, hesabu papi

Tangu mvua za vuli zianze nimepokea malalamiko ya namna moja kutoka Buhongwa, Kisesa hadi Magu: misumari imeisha fundi akiwa juu ya paa, mtu kapanda bodaboda kwenda kuongeza kilo mbili, na alichopata ni cha kofia nyingine na raba nyingine. Sasa upande mmoja wa nyumba uko salama na mwingine unavuja. Wote waliuliza swali lilelile dukani, "bati moja misumari mingapi?", na muuzaji akawajibu bila kuuliza chochote kuhusu paa lenyewe.

Bati halina idadi yake. Msumari unaingia kwenye papi, kwa hiyo kinachohesabiwa ni mistari ya papi, halafu migongo ya bati inayopigwa kwenye kila mstari. Na mistari haipigwi sawa. Upepo wa ziwa unaponyanyua paa huanzia pembeni: ukingo wa chini, na juu kwenye kofia ya paa. Hapo piga kila mgongo. Piga kila mgongo pia pale bati la juu linapolalia la chini. Papi za katikati zinatosha mgongo mmoja ndiyo, mmoja hapana, mradi ule unaobeba maungio ya bati na bati usirukwe.

Tuchukue nyumba ya pande mbili, paa lenye urefu wa mita 12, na kila upande unashuka mita 5.8. Mabati ni ya migongo mipana ya mita 3, safu mbili kila upande, zikilaliana sentimita 20. Pima mwenyewe upana ambao bati linafunika likishaungwa na jirani yake, maana upana wa bati likiwa chini siyo huo. Letu linafunika sentimita 75, na kila bati linaleta migongo 4 mipya. Mita 12 ni mabati 16 kwa safu, jumla 64.

Fundi amepiga papi 7 kila upande, karibu mita moja kutoka moja hadi nyingine. Papi tatu kati ya hizo, yaani ya chini, ya maungio na ya juu, zinapigwa kila mgongo: 16 mara 4, ongeza mmoja wa ukingo wa mwisho, ni 65. Mara tatu, 195. Papi nne za katikati ni 33 kila moja, jumla 132. Upande mmoja 327, pande mbili 654. Kofia za paa nazipa 33 kila upande, yaani 66. Tumefika 720. Weka sehemu ya kumi kwa ajili ya iliyopinda na iliyoangukia majanini, uite 800.

Ukigawa 720 kwa mabati 64 unapata kama 11 kwa bati, na najua kuna atakayeshika hiyo 11 na kukimbia nayo. Usifanye hivyo. Fundi mwingine akikaza papi zikawa 9 kila upande, mabati ni yaleyale 64 lakini misumari inakuwa 852 kabla ya nyongeza. Hesabu papi kenchi zikiwa tayari zimesimama, ndipo uende dukani.

Dukani nako kuna kilo. Kilo ya misumari ya bati haina idadi moja. Unene wa shina na uzito wa kofia ndivyo vinavyoamua. Mwambie muuzaji apime misumari 20. Ikisoma gramu 160, kilo moja ina 125, na misumari yako 800 ni kilo 6.4, nunua 7. Ikisoma gramu 210, kilo ina kama 95 tu, na sasa unahitaji 9. Kilo mbili za tofauti, nyumba ileile! Skrubu afadhali, boksi limeandikwa idadi: za 250 utachukua manne, za 100 utachukua manane.

Sasa nipange nipendavyo, na kipimo changu ni kimoja: raba. Watu wanakagua kutu, wanakagua rangi ya kichwa ifanane na bati, halafu hawagusi raba, na raba ndiyo inayozuia maji kwenye tundu ulilotoboa mwenyewe.

Ya kwanza ni skrubu yenye washa ya chuma na raba nyeusi ya EPDM iliyogandishwa chini yake. Ibonyeze kwa ukucha: inabonyea na kurudi. Ikikazwa sawasawa, raba inachungulia kidogo tu pembeni ya washa. Ikitokeza kama mdomo, imekazwa kupita kiasi na itapasuka. Washa ikizunguka kwa kidole, haijakaza. Angalia na ncha. Kwa papi za mbao chukua yenye ncha kali na nyuzi zilizoachana; ile yenye ncha kama ya drili na nyuzi za karibu karibu ni ya papi za chuma, kwenye mbao inashika vibaya. Maduka mengi yana hiyo ya chuma tu na watakuambia ni yaleyale. Si yaleyale.

Ya pili ni msumari wa shina lililosokotwa, kofia moja na shina, raba chini. Bati linatanuka mchana na kusinyaa usiku, papi mbichi nazo zinakauka, na msumari laini unatoka taratibu mpaka kofia inasimama juu ya bati. Msokoto unaukatalia. Kwa bati la migongo midogo inchi mbili na nusu inatosha. Mgongo ukiwa wa sentimita tatu na zaidi, chukua mrefu zaidi.

Msumari laini wenye kofia ya kuvalisha na raba ngumu ya plastiki: banda la kuku.

Kwa mabati yenyewe mimi ni mtu wa ALAF, Simba Dumu, sijifichi na wala hawanilipi. Lakini bati zuri chini ya raba ya plastiki litakuonyesha duara la kutu kuzunguka kila kichwa, kisha doa kwenye dari.

Kinachonichosha ni "paketi". Kuna duka nilimwuliza muuzaji paketi ina mingapi, akasema, "Dada, ni paketi." Mizani ilikuwa imebeba misumari pamoja na boksi lake, na boksi nalipia bei ya chuma. Omba isome sifuri boksi tupu likiwa juu, na tafuta stika ya Wakala wa Vipimo. Tena kabla ya kulipa, aandike kwenye risiti kwamba boksi lisilofunguliwa litarudishwa kwa pesa. Akikataa kuandika, nenda duka la pili. Na yanayobaki uyahesabu wewe, kabla fundi hajafunga begi lake.