Apu ya kutambua wanyama, kioo, na chura wa Kihansi niliyemkuta New York: uzoefu wangu

Nimeitumia apu hii kwa miezi minane na naipa nyota nne kati ya tano. Ni ya aina ile ambayo unapiga picha ya mdudu, ndege au jani, inakupa orodha ya majina, halafu watumiaji wengine wanakuja kukubaliana nawe au kukurekebisha. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayoyaeleza yanazikumba zote za aina hii, na nusu ya makosa yalikuwa yangu mwenyewe.

Porini na mtaani haina shida. Kenge, hondohondo, mjusi wa ukutani, zote ilinipatia bila kubabaika. Kazi ilianza siku nilipoenda na mpwa wangu kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, jijini New York. Mimi ni mtu wa Mufindi, na shabaha yangu ilikuwa moja tu: kumwona chura wa Kihansi. Utotoni nilisikia habari za korongo la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, kabla sijajua kuwa lina chura asiyepatikana penginepo duniani. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, akiishi kwenye eneo la hekta chache tu linalolowanishwa na rasharasha za maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zikapungua, na mwishoni mwa mwaka huohuo vyura karibu 500 wakasafirishwa kwa ndege hadi Bronx ili wazalishwe huko. Waliobaki korongoni walipukutika ghafla mwaka 2003, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulikuwa umeshaonekana kwao. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Basi tukamkuta. Mdogo kuliko nilivyodhani: jike halifiki sentimita tatu, dume halifiki mbili. Rangi ya haradali, amekaa juu ya kuvumwani nyuma ya kioo ambacho kwa ndani kilikuwa kimejaa matone, maana lazima wanyunyiziwe maji kama walivyozoea kwao.

Picha ya kwanza nilisahau kuzima flashi. Ilitoka doa jeupe kama mwezi, chura hayumo. Ya pili simu ilifokasi kwenye matone ya kioo na chura akawa ukungu wa njano. Ya tatu niliiona nzuri kwenye skrini ndogo, nikaipakia palepale. Apu ikaweka juu kabisa ya orodha jina la *Pseudacris crucifer*, chura mdogo wa Amerika Kaskazini anayepiga kelele kwenye madimbwi majira ya baridi yanapoisha. Mpwa wangu akasoma kibao, akasoma simu, akaniuliza, "Mjomba, nani anadanganya?"

Usiku nyumbani niliikuza ile picha nikaelewa. Nyuma ya jicho la chura palikuwa na duara dogo safi, mfano wa ngozi ya sikio ambayo vyura wengi wanayo ubavuni mwa kichwa. Chura wa Kihansi hana sikio la nje, na hiyo ni moja ya alama zake. Duara lile lilikuwa tone la maji kwenye kioo, limeangukia mahali pabaya kuliko pote. Na ile rangi yake ya haradali ilikuwa imegeuka hudhurungi upande mmoja, kwa sababu koti langu la rangi ya chungwa lilikuwa linaakisiwa mgongoni pake. Ubavu wa chura wa Kihansi una mstari wa kahawia. Kwenye picha yangu mstari ulikuwa umemezwa na koti. Kwa hiyo apu haikubuni kitu. Ilisoma kwa uaminifu chura ambaye mimi nilimtengeneza kwa tone na koti.

Sababu ya pili ni mahali. Apu hizi haziangalii picha peke yake. Zinachukua na alama ya ramani kutoka kwenye simu, kisha zinapandisha juu majina ya viumbe wanaojulikana kuishi jirani na hapo. Hili ndilo linalozifanya ziwe hodari porini. Ukiwa Mufindi haitakuletea chura wa Marekani. Lakini bustani ya wanyama inaipindua hesabu yote: ramani inasema New York, mnyama asili yake ni Udzungwa, na apu haioni ukuta wala kibao. Kwenye mipangilio kuna sehemu inayoiruhusu itegemee mahali. Nilipoizima, *Nectophrynoides*, jenasi ya vyura hawa, ilijitokeza katikati ya orodha, kwa picha ileile mbovu. Bustanini huwa naizima kabla sijafika getini.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu na mtandio mweusi wa shemeji yangu. Flashi imezimwa. Koti jeusi. Lenzi ya simu niliigusisha kabisa kwenye kioo, simu ikiwa imesimama sambamba nacho, na mtandio nikauzungushia kama pazia. Hapo uakisi unaisha, kwa kuwa hakuna mwanga unaopata nafasi ya kupita kati ya lenzi na kioo. Ukiiweka simu mshazari, kioo kinene kinaivuta picha pembeni, na vidole vya chura vinaonekana vinene visivyo vyake, jambo baya kwa sababu ncha za vidole ni alama nyingine ya kumtofautisha na vyura wa mitini. Nilichagua sehemu ya kioo isiyo na tone, nikabonyeza jicho la chura kwenye skrini nikashikilia hadi fokasi ikajifunga, nikasubiri ajisogeze. Nilipiga picha kama 40, nikabaki na tatu: ya juu, ya ubavu wa kichwa, na moja ya vidole vya nyuma.

Niliwahi kununua na kile kichujio cha kubana juu ya lenzi ya simu kinachosifiwa kuondoa mng'ao. Kinafanya kazi, ila kwa mshazari tu. Ukisimama kiasi kwamba simu inatazama kioo kwa pembe ya nyuzi kama 35 hivi kutoka usawa wake, ukakizungusha, mng'ao unafifia mbele ya macho yako. Ukisimama moja kwa moja mbele ya kioo, kizungushe hadi kesho, hakuna kinachobadilika. Tena kinakula nusu ya mwanga au zaidi, na nyumba za vyura huwa na giza. Kwa vioo vikubwa vya nje, vya simba au sokwe, nitakitumia. Hapa mtandio ulishinda.

Sasa kosa ambalo ni langu kabisa. Baada ya kupata picha nzuri, nikajiona mjanja: nikaisogeza alama ya ramani kutoka Bronx nikaiweka kwenye korongo la Kihansi, maana ndiko kwao. Jina sahihi likapanda kileleni mara moja. Nikafurahi. Siku mbili baadaye mtambuzi mmoja aliniandikia, kwa upole sana, kwamba rekodi yangu inasomeka hivi: tarehe hii, mtu amemwona chura wa Kihansi, mzima, kwenye korongo lake. Vyura waliozalishwa walianza kurudishwa kule mwaka 2012 baada ya wengine kupokewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na wapo watu wanaohesabu kila anayeonekana. Chura wangu wa kwenye kioo angeingia kwenye hesabu hiyo. Niliona aibu, nikarudisha alama ilipotakiwa. Mahali ni pale mnyama alipokuwa ulipompiga picha, si kwao wala kwa babu zake.

Dawa iliyopo ni kitufe cha kusema mnyama huyu amefugwa. Ukikibonyeza rekodi inashushwa daraja na haihesabiwi na zile za porini, lakini jina linabaki na watu wanaweza kulithibitisha. Wageni wengi hawakioni, kimefichwa chini kabisa baada ya sehemu ya maelezo. Nyota niliyoinyima apu ni kwa ajili hiyo.

Kufugwa nako kunaweza kukusaidia au kukuangusha katika jina. Kwa chura huyu kunasaidia: wote walioko kwenye bustani za Marekani ni uzao wa wale waliochukuliwa mwaka 2000, kwa hiyo kibao kina uhakika kuliko picha yoyote. Huwa nakipiga picha mwisho, kwa kumbukumbu yangu, na jina lake nalinakili kwenye maelezo. Kwa twiga ni kinyume. Bustani nyingi za Marekani ziliwahi kuchanganya twiga wa asili tofauti wakazaliana, kwa hiyo ukimwona mwenye mabaka yanayokukumbusha wa Samburu, usikimbilie kumwita hivyo. Kama kibao hakisemi asili yake, mimi naishia kwenye jina la jenasi, `Giraffa`, na kunyamaza. Apu itakusukuma uende chini zaidi, usikubali.

Kuhusu skrini nina jaribio moja. Mpwa wangu alipiga kwa simu yake picha yangu nzuri ikiwa imefunguliwa kwenye kompyuta. Chura yuleyule, pozi lilelile. Faili langu halisi lilinipa jina sahihi nafasi ya pili. Picha ya skrini ikaleta mjusi. Ukikuza unaona kwa nini: vitone vya skrini na vitone vya kamera vimegongana, vikazaa mistari ya mawimbi ya zambarau na kijani, ikapita juu ya ngozi ya chura kama magamba. Ukirudi nyuma hatua moja na kuinamisha simu kidogo, mistari inapungua, ila haiishi, na maumbo madogo yameshapotea. Kisha simu yake ikaandika mahali na saa: sebuleni kwangu, saa tatu usiku. Kama ungeiamini rekodi hiyo, ungedhani nafuga vyura juu ya meza. Picha ikiwa yako, pakia faili lenyewe, tarehe na mahali vimo ndani yake. Ikiwa ya televisheni au ya kutumiwa kwenye simu, si yako kuipakia. Muulize mtu anayejua, inatosha.

Rekodi yangu ya Bronx sasa ina watu watatu walioafiki jina. Ile ya kwanza, ya tone na koti, nimeiacha pia, baada ya kusahihisha jina na kuandika chini yake kwamba sikio linaloonekana ni tone la maji.