Mwongozo wa Kununua Mtamba wa Maziwa Kisumu na Magharibi: Anza na Nundu, Rangi Baadaye

Mnunuzi anayeingia mnada wa Lubao karibu na Kakamega, au soko lolote la mifugo kati ya Ahero na Muhoroni, kwanza huvutwa na rangi. Mtamba mwenye mabaka meusi na meupe huitwa Friziani na bei yake hupanda papo hapo, ilhali yule mweusi mtupu aliyefungwa kando husemwa ni wa kienyeji. Mwongozo huu ni wa mkulima mwenye ekari mbili au tatu anayetaka mtamba mmoja wa maziwa. Ng'ombe wengi sokoni hawana karatasi za ukoo, kwa hiyo mwili wa mnyama ndio utakaomweleza anachonunua.

Nundu ndiyo alama inayodanganya kidogo kuliko zote. Ng'ombe wa asili ya Ulaya, yaani Friziani, Ayashaya, Gansi na Jezi, hawana nundu kabisa, na mgongo wao hunyooka kutoka shingoni hadi kiunoni. Zebu wetu wa kienyeji, Borani na Sahiwali wana nundu juu ya mabega, kubwa kwa fahali na ndogo kwa jike. Chotara wa nusu kwa nusu hubaki na kinundu cha chini kinachoonekana ukimtazama kutoka ubavuni, na damu ya Ulaya ikifika robo tatu, kwa kawaida kinundu hicho hufifia. Tahadhari ni kwamba ng'ombe aliyekonda hutokeza mifupa ya mabega, na mtu akaidhania nundu. Weka mkono juu yake uisukume upande: nundu ni nyama, kwa hiyo itacheza kidogo, lakini mfupa hautasogea. Kisha tazama ngozi inayoning'inia chini ya shingo na ile ya kitovuni, kwa kuwa zikiwa pana na legevu, damu ya zebu ipo hata kama nundu imepungua.

Rangi ina kanuni yake, na wauzaji wengi hawaijui. Mabaka ya Friziani kwa kawaida hufichika mzazi mwingine akiwa na rangi moja, na weusi wake huishinda rangi nyekundu. Kwa hiyo ndama wa kwanza wa Friziani na zebu mwekundu mara nyingi huwa mweusi mwili mzima, akiwa na weupe tumboni au kwenye kiwele tu. Kwa upande mwingine, wako zebu wa kienyeji wenye mabaka yao wenyewe ambao hawajawahi kuchanganywa na Friziani. Mabaka peke yake, basi, hayathibitishi kitu. Rangi husaidia zaidi kwenye mambo madogo: Jezi ana pua nyeusi iliyozungukwa na pete ya manyoya meupe, uso uliobonyea kidogo na macho makubwa, Ayashaya ana mabaka mekundu au ya kahawia yenye kingo zilizochongoka, na Gansi ana pua ya rangi hafifu.

Pembe zina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndama wengi wa gredi, yaani wenye damu ya Ulaya, huchomwa chipukizi za pembe wakiwa wachanga. Pitisha vidole utosini. Aliyezaliwa bila pembe huwa na utosi uliochongoka na laini, na aliyechomwa huwa na makovu bapa pande mbili. Masikio husaidia zaidi: ya ng'ombe wa Ulaya ni mafupi, ya mviringo na husimama kwa upana, na ya Sahiwali ni marefu na hulegea. Sahiwali hutambulika pia kwa rangi nyekundu ya kahawia, pembe fupi nene na ngozi nyingi iliyolegea shingoni. Aina hii ililetwa Kenya kutoka Bara Hindi na kundi lake la serikali hutunzwa Naivasha, kwa hiyo damu yake si ngeni nchini.

Tuchukue mitamba watatu waliofungwa kamba moja. Wa kwanza ana mabaka meusi na meupe na muuzaji anamwita Friziani safi, lakini mkono unakuta nundu inayocheza, ngozi ya shingo ni pana na ya kitovu inaning'inia. Damu ya Friziani, kama ipo, ni chache, na bei ya gredi haimfai. Wa pili ni mwekundu mwenye masikio marefu yaliyolegea, kinundu kidogo na weupe kidogo tumboni, dalili za Sahiwali aliyechanganywa na ng'ombe wa Ulaya. Wa tatu ni mweusi mtupu, ana weupe kwenye kiwele pekee, kinundu cha chini na mgongo mrefu. Huyo wa tatu, anayedharauliwa kwa sababu hana mabaka, ana kila dalili ya nusu Friziani, na mara nyingi huuzwa chini ya thamani yake. Mimi ningemchagua wa pili au wa tatu, kutegemea nani ana kiwele chenye chuchu nne zilizo sawa.

Kwa nyanda za chini za Kisumu, Nyando na Busia, kwenye joto na kupe, mpangilio wangu ni huu. Namba moja ni chotara wa Sahiwali na Ayashaya au Friziani, kwa kuwa huvumilia joto na bado hutoa maziwa ya kuuza. Namba mbili ni chotara wa zebu na Friziani kama yule mweusi. Namba tatu ni Jezi, ambaye mwili wake mdogo hula kidogo na maziwa yake yana mafuta mengi, ila anahitaji kivuli na kuogeshwa dhidi ya kupe bila kukosa. Friziani safi ninamweka mwisho huku chini, ingawa Molo, Njoro na nyanda za juu nyingine za Nakuru, penye baridi na majani mengi, ningempandisha hadi juu pamoja na Ayashaya. Zebu halisi hutoa maziwa machache, mara nyingi lita moja au mbili kwa siku, na anamfaa asiye na lishe ya kukata wala dawa ya kupe.

Hata hivyo, umbo halitoshi. Ndigana kali huenezwa na kupe wa kahawia anayejificha ndani ya sikio, na gredi aliyekulia mahali pasipo kupe hawa anaweza kufa wiki chache baada ya kuletwa Nyando, hata akiwa na nundu. Funua masikio na uyakague, uliza mtamba alikulia wapi, na kama ametoka nje ya eneo lenye ugonjwa, mweleze daktari wa mifugo amchanje kabla ya kumleta.

Kwa wanaotafuta mbuzi au kondoo, kanuni ni ileile kwa kifupi. Mbuzi wa Gala huwa mweupe na mwenye mwili mkubwa kuliko wa kienyeji, Toganbagi ni wa kahawia na ana mistari miwili myeupe usoni na masikio yaliyosimama, na kondoo mwekundu wa Kimaasai, mwenye manyoya mafupi na mkia wa mafuta, hustahimili minyoo ya tumbo kuliko Dopa mwenye kichwa cheusi na mwili mweupe. Kwenye mashamba ya Nyando yanayotuama maji, ningenunua kondoo huyo mwekundu kabla ya Dopa.