Kijitabu cha maneno ya mahakamani: uzoefu wangu baada ya kesi ya zabibu

Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo. Mnunuzi mmoja alichukua mzigo wangu kwa ahadi ya kulipa baada ya wiki mbili. Zikapita siku, simu zikaacha kupokelewa, nikamfungulia shauri la madai Mahakama ya Mwanzo nikidai shilingi 1,850,000. Wakati huo sikuwa na kijitabu hiki. Nilikipata kesi ikiwa imeshafika katikati, kutoka kwa msaidizi wa kisheria wa kata yetu, na tangu hapo nimekitumia mpaka kurasa zimelegea.

Kilichonifurahisha ni mpangilio wake. Maneno hayakupangwa kwa alfabeti kama kamusi, yamefuata safari ya kesi yenyewe: kufungua shauri, kuitwa, kusikilizwa, hukumu, rufaa, na mwisho kukazia hukumu. Ukijua umefikia hatua gani, unafungua sehemu hiyo na kuyakuta maneno yote utakayoyasikia siku hiyo.

Ningekuwa nacho mapema ningeokoa nauli. Mara ya kwanza karani aliniambia shauri langu "linakuja kutajwa". Nikajua ndiyo siku yenyewe, nikapanda gari na mashahidi wangu wawili: kijana aliyepima mzigo na mama aliyeshuhudia makubaliano. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, tukaitwa, tukapewa tarehe nyingine, basi. Kijitabu kinaeleza hivi: "Kutajwa: siku ya kuangalia kesi imefikia wapi na kupanga hatua inayofuata. Mashahidi hawasikilizwi." Chini yake kuna "kusikilizwa", na hapo ndipo kinakuambia ulete mashahidi na vielelezo, yaani vitu au karatasi za kuthibitisha madai yako. Maneno hayo mawili yamewekwa jirani kwa makusudi, na aliyefanya hivyo anaijua mahakama.

Nilishinda. Halafu siku moja nikaletewa karatasi yenye jina langu, na mbele yake pameandikwa "mjibu rufani". Moyo ulinipasuka. Nilidhani sasa mimi ndiye ninayeshtakiwa. Kijitabu kikanituliza, maana sehemu ya rufaa inaeleza kwamba mtu yuleyule hubadilishiwa jina kadiri kesi inavyosogea. Kwenye Mahakama ya Mwanzo nilikuwa mdai na mwenzangu mdaiwa. Yeye alipokata rufaa Mahakama ya Wilaya akawa mrufani, mimi nikawa mjibu rufani, yaani anayejibu malalamiko dhidi ya hukumu iliyompa haki. Rufaa yake ilipogonga mwamba, nikarudi kuomba kukazia hukumu, na huko naitwa mshinda tuzo. Majina matatu, mama mmoja, deni lilelile.

Hilo la kukazia wengi hatulijui. Mimi niliamini hakimu akishasoma hukumu, pesa inafuata. Haifuati yenyewe. Aliyeshindwa asipolipa, ni lazima wewe urudi mahakamani kuomba hukumu itekelezwe, ndipo mali yake inaweza kukamatwa na kuuzwa. Baada ya ombi langu mwenzangu alianza kulipa kwa mafungu.

Yapo mawili ambayo hayajakaa sawa. La kwanza ni neno "kufutwa", ambalo wamelieleza kwa maneno mawili tu: "kesi kuisha". Hapo wanaweza kumkatisha mtu tamaa bure. Shauri likifutwa kwa sababu mdai hakufika siku ya kusikilizwa, anaweza kuiomba mahakama ilirejeshe, akieleza kilichomzuia. Hiyo ni tofauti kabisa na kushindwa baada ya ushahidi kusikilizwa, ambapo njia iliyobaki ni rufaa. Mtu aliyelazwa hospitali siku ya kesi yake anahitaji kuijua tofauti hiyo.

La pili ni siku 30 za kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya. Idadi wameitaja, lakini hawakusema zinaanza kuhesabiwa lini. Zinaanza siku uamuzi ulipotolewa. Jirani yangu alishindwa kesi yake, akakaa akisubiri apewe nakala ya hukumu ndipo aanze kuhesabu. Alipofika Wilaya na malalamiko yake muda ulikuwa umepita, ikabidi kwanza aombe kuongezewa muda na kutoa sababu za kuchelewa. Sentensi moja tu ingemwokoa.

Sehemu ya kesi za jinai sijaitumia mwenyewe, ila niliisoma kwa ajili ya mpwa wangu aliyeambiwa "ana kesi ya kujibu". Nyumba nzima ililia tukidhani ametiwa hatiani. Kumbe maana yake ni kwamba ushahidi wa upande wa mashtaka unatosha kumtaka ajitetee, na hukumu bado.

Kijitabu kinagawiwa bure na maandishi yake ni makubwa, hata mimi nasoma bila miwani. Kwenye nakala yangu nimeandika kwa kalamu pembeni ya neno rufaa: "Hesabu kuanzia siku ya hukumu." Anayekuja kukiazima namwonyesha hapo kwanza.