Kubadili viatu na mkoba pichani: kubandika kwa mkono au kutumia akili bandia?

Mpiga picha wa Ujiji anapoombwa kumvika mteja viatu bapa vya kufunika badala ya ndala, akili bandia humaliza upesi, ila eneo lililochaguliwa likimeza kivuli chembamba kilicho chini ya soli, ardhi huchorwa upya na mteja huonekana akielea. Kubandika kwa mkono huchukua muda na hudai kiatu kilichopigwa picha kwa pembe ileile, lakini kivuli cha asili hubaki mahali pake. Visigino virefu huzisumbua njia zote mbili, kwani kuinua kisigino hubadili pembe ya kifundo. Mkoba una nafuu kuliko viatu, mradi vidole vibaki juu ya mkanda. Kwa picha moja ya harusi ningebandika. Kwa picha nyingi za duka, akili bandia inatosha, mradi kila soli ikaguliwe kwa kukuzwa.