"Angekuwa na presha ya jicho angelia": uzoefu wangu na duka la miwani

Nyota moja, na hiyo ni ya dada wa mapokezi aliyempisha mama kiti na kumletea maji ya kunywa. Yule wa chumba cha ndani, mwenye koti jeupe, simpi hata nusu. Jina la duka silitaji, sitaki kesi.

Ilikuwa kipindi cha embe, tarehe imenitoka. Mama ana miaka 64, anakaa Muheza, akaja Tanga kwangu akilalamika kwamba macho yana ukungu na yanamwasha. Nikampeleka hapo kwa sababu ni karibu na kazini na bango lao linasema wanapima macho bure. Bure kweli. Nimekuja kuilipia baadaye.

Bwana yule alimkalisha, akamfunika jicho moja baada ya jingine, akamsomesha ubao wa herufi. Jicho la kulia, ambalo ndilo mama alililalamikia zaidi, lilisoma mpaka mstari wa 6/9 kwa miwani ya majaribio. Huo ni mstari mzuri kwa umri wake, hata mimi nilifurahi. Kisha akachukua kitochi, akammulika kwenye mboni, akasema bila kukaa: "Mtoto wa jicho huyo, ndo anaanza. Bado hajakomaa. Vaa miwani, bibi, ukishindwa kabisa utakwenda kufanyiwa upasuaji."

Mama akamwambia, "Baba, mbona nagonga milango?" Na ni kweli, alikuwa anagonga. Bega lake la kulia lilikuwa na alama ya kugonga mwimo wa mlango. Mtu akimjia kutoka kulia anashtuka kama kaona jini. Pale kwangu alikanyaga beseni la vyombo mchana kweupe, na saa hiyohiyo alikuwa ametoka kutia uzi kwenye sindano. Nilimcheka, nakiri. Nilidhani ni haraka zake.

Yule bwana akasema, "Umri huo, bibi."

Basi nikauliza mimi, maana niliwahi kusikia: kaka, si umpime na presha ya macho? Akanitazama kama nimemwomba anikopeshe. "Presha ya jicho inauma. Angekuwa nayo angelia hapa, angetapika. Huyu anaumwa? Bibi, unaumwa?" Mama akasema haumwi. "Na presha ya kawaida unayo?" Hana, zahanati walimpima wakapata 130 kwa 80. "Basi, mnataka nini tena?"

Sentensi hiyo moja ndiyo imenifanya nikae kuandika haya yote. Aliyasema mbele ya wateja wengine, kwa sauti, na wawili wakacheka.

Akatuandikia miwani, na kichupa cha matone "ya kusafisha jicho, mara nne kwa siku". Mama akayapenda sana hayo matone. Muwasho uliisha siku ya tatu, macho yakawa meupe, akawa anamsifu yule bwana kwa majirani. Kichupa kilipoisha akanunua kingine duka la dawa pale Muheza, hakuna aliyemuuliza cheti. Akaendelea hivyo kama miezi miwili na nusu.

Nilikuja kushtuka aliposema taa za bodaboda upande wa kulia "zinatokea tu". Haoni ikija, anaiona imeshafika. Nikampeleka hospitali kubwa, kliniki ya macho, na hapo ndipo nilipojua tulikuwa tumechekeshwa.

Daktari wa pale alianza kwa kumsikiliza, kitu ambacho hakina bei. Aliposikia anatia uzi kwenye sindano halafu anakanyaga beseni, aliacha kuandika. Akaniambia mtoto wa jicho ni lenzi kuchafuka, kama kioo cha dirisha kikishika ukungu: kila unachokitazama kinafifia, katikati na pembeni sawasawa, jua kali linasumbua, taa za gari usiku zinatawanyika, rangi zinapauka. Mtu anayesoma 6/9 hana ukungu wa kumfanya agonge mlango. Anayeona vizuri mbele na haoni kando, amepotewa na kitu kingine nyuma ya jicho.

Akazima taa. Akammulika jicho la kushoto, mboni zote zikasinyaa. Akahamisha tochi haraka kwenda la kulia, na mboni ya kulia badala ya kubaki imesinyaa ikatanuka, huku mwanga uko palepale unaimulika. Niliona kwa macho yangu, alirudia mara tatu ili nione. Maana yake mshipa wa fahamu wa jicho la kulia unapeleka habari hafifu kuliko wa kushoto. Mtoto wa jicho, hata awe mweupe kama maziwa, hafanyi hivyo, kwa sababu mwanga bado unapenya. Kitochi hicho ni kilekile alichokuwa nacho bwana wa dukani! Hakuhitaji mashine ya mamilioni, alihitaji nusu dakika.

Kisha presha yenyewe. Tone la ganzi, rangi ya manjano, taa ya bluu, na kidude kidogo kinachogusa kioo cha jicho. Kulia 34, kushoto 27, kwa milimita za zebaki. Wengi wako kati ya 10 na 21. Kumbe hii haina uhusiano na ile ya kufungwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na 130 kwa 80 safi kabisa na jicho lake linafurika. Sisi kwa kuwa tunaziita zote presha, tunadhani ukipimwa moja umepimwa zote.

Akaniambia pia nisiiabudu namba. Wapo wenye 18 na mshipa unakufa, wapo wenye 24 miaka na miaka hawapotezi kitu. Ndiyo maana alimtanua mboni na kuutazama mshipa wenyewe. Katikati yake kuna kishimo wanakiita kikombe. Cha mama upande wa kulia kilikuwa kimekula sehemu 9 kati ya 10, kushoto 7. Glakoma. Ile ya kimya, isiyouma, ambayo kona ya kutolea maji iko wazi. Alihakikisha hilo kwa kuweka kilenzi juu ya jicho na kuchungulia.

Na ile inayouma na kutapisha? Ipo. Kona inaziba ghafla, presha inaruka mpaka 40, 50 na zaidi, jicho linakuwa jekundu, kichwa kinapasuka, na hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo yule bwana alikuwa anajua glakoma moja, akaitumia kukataa kuitafuta nyingine, ambayo ndiyo ya watu wengi huku kwetu. Nusu ya elimu, na akainadi kwa sauti.

Sasa matone. Daktari aliomba kichupa, mama akakitoa kwenye kanga. Akasoma, akakunja uso: kina deksamethasoni, yaani steroidi. Ndiyo maana muwasho ulikata haraka. Lakini kwa baadhi ya watu steroidi ikitumika wiki kadhaa inabana njia ya maji ndani ya jicho na kupandisha presha, na ikiendelea muda mrefu inaleta mtoto wa jicho pia. Akaisimamisha palepale. Tone la kuyeyusha mtoto wa jicho, akasema, halipo. Yeye dawa yake ni upasuaji wa kubadilisha lenzi.

Alinieleza kwa kutumia sinki la pale chumbani, na sitasahau. Jicho linatengeneza maji yake ndani kila dakika, si machozi, na linayatoa kwenye kona kama sinki na tundu lake. Tundu likizidiwa, maji yanapanda na kuukandamiza mshipa. Timololi inapunguza bomba. Latanoprosti inafungua njia nyingine ya kutokea pembeni. Hakuna inayorudisha uoni uliokufa, zinalinda uliobaki. Alitaka kuandika timololi kwa kuwa ni rahisi, akauliza: ana pumu? Ndiyo, anayo tangu utoto. Akaifuta. Tone la jichoni linateremka kwa tundu la machozi hadi puani, linaingia damuni, na timololi inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Akaandika latanoprosti, tone moja kila usiku, akamfundisha kufumba macho na kubonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Tone moja linatosha, la pili linamwagikia shavuni. Alimwonya kwamba kope zitarefuka. Mama akasema heri.

Baada ya wiki sita tukarudi: kulia 19, kushoto 16. Nilitaka kushangilia, daktari akasema kushuka huko ni kwa dawa na pia kwa kuacha steroidi, na kipi kimefanya kiasi gani hawezi kukitenganisha.

Hapo inabidi niwe mwadilifu, na inaniuma. Kikombe cha 9 kati ya 10 hakichimbwi kwa miezi miwili na nusu. Mama alikuwa nayo miaka, kabla ya duka, kabla ya matone. Na la pili: mtoto wa jicho anaye kweli. Mdogo, macho yote mawili, daktari alimwona kwenye mashine. Kwa hiyo bwana wa dukani hakudanganya. Alikiona cha kwanza, akasimama hapo. Nilifikiria kuongeza nyota.

Halafu nikakumbuka vile vicheko. Mama alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anagonga milango, akajibiwa umri. Kama hana kipima presha, aseme hana, atuandikie karatasi ya kwenda hospitali. Siongezi.

Mimi na ndugu zangu wanne tumeitwa kupimwa, maana glakoma inatembea kwenye damu. Yangu 17 na 18, kikombe kidogo, nirudi kila mwaka. Kaka yangu mkubwa anasema haumwi, kwa hiyo haendi. Nimemtumia haya.

Miwani yenyewe, niseme ukweli, ni mizuri. Fremu haijalegea, mama anasomea msahafu na kutilia uzi kwenye sindano. Juzi dukani wamenitumia ujumbe kwamba kuna ofa, nimlete bibi apimwe tena bure.