Programu ya miadi yenye muda wa kusubiri: uzoefu wangu katika saluni yenye sinki moja

Ninaendesha saluni ndogo Kinondoni, Dar es Salaam, yenye wasusi wawili na sinki moja, na kwa muda sasa ninapanga wateja kwa programu ya simu badala ya daftari. Niliichagua kwa sababu moja: inaruhusu huduma igawanywe katika vipande vitatu, yaani kazi ya mwanzo, muda wa kusubiri na kazi ya kumalizia, na katika kile kipande cha katikati msusi huhesabiwa kuwa yuko huru kupokea mteja mwingine.

Chukua mteja wa rangi ya kudumu anayeanza saa 3:00 asubuhi. Kupaka kunachukua dakika 45, kisha anakaa dakika 35 kama pakiti ya rangi ninayotumia inavyoelekeza, na kuanzia saa 4:20 anaoshwa na kukaushwa hadi saa 5:00. Kwenye daftari msusi huyo angeonekana ana kazi saa mbili mfululizo, wakati programu inalifungua pengo la saa 3:45 hadi 4:20, na mteja wa kutinda nyusi anaweza kujipangia humo mwenyewe. Hadi hapo sina malalamiko.

Shida ni kwamba programu inaona kusubiri kote ni kumoja. Rangi haina msamaha. Muda wake ukifika ni lazima ioshwe, hata kama msusi yuko katikati ya nyusi za mtu. Stimingi ni tofauti, kwa kuwa mteja akikaa zaidi na kofia yake ya plastiki nywele hazidhuriki, na aliye chini ya draya na rola zake anaweza kuzimiwa moto akaendelea kupiga soga. Kwa hiyo kwenye rangi nimeandika kusubiri kwa dakika 25 badala ya 35, na zile 10 nimeziingiza kwenye kazi ya kumalizia ili zibaki kuwa akiba. Dawa ya kulainisha nywele sikuipa pengo kabisa, kwa sababu muda wake ni mfupi na mteja anaweza kuanza kuungua kichwani wakati wowote, hivyo msusi hatakiwi kuondoka pale. Bleach nayo nimeifanya vivyo hivyo, maana hukaguliwa kila baada ya dakika chache na hakuna anayejua kwa hakika itamaliza saa ngapi.

Kupishanisha wateja wawili ambao wote wana muda wa kusubiri ndipo penye hesabu. Mteja wa stimingi akiomba saa 3:50, dakika 20 za kumwosha na kumpaka zinaingia vizuri ndani ya pengo la rangi, lakini dakika zake 25 za kusubiri zinaisha saa 4:35, wakati msusi yuko na mwenye rangi hadi saa 5:00. Programu inamkataa, na kwa haki, kwa kuwa inakagua vipande vyote viwili vya kazi. Nilichofanya ni kusajili huduma ya pili niliyoiita «Stimingi ya kupishana», yenye kusubiri kwa dakika 50 na bei pungufu kidogo, ambapo mteja anaelezwa mapema kwamba baada ya mvuke atapumzika na kofia. Huyu anamaliziwa saa 5:00 kamili, na wapo wanaoipenda zaidi kwa sababu ya bei.

Sinki ndilo lililonisumbua zaidi. Kifurushi ninacholipia kinahesabu wasusi tu, kwa hiyo saa 4:20, rangi inapotakiwa kuoshwa, msusi wa pili anaweza kuwa amepangiwa mteja anayeanza kwa kuoshwa. Kuhesabu vifaa kumo katika kifurushi cha juu, ambacho kwa saluni ya ukubwa wangu ni ghali mno. Nimelisajili sinki kama mfanyakazi wa tatu, na kila jioni ninaingiza kwa mkono zile dakika 10 za kuosha za kesho yake. Ukijaribu njia hii, mfiche mfanyakazi huyo kwenye ukurasa wa wateja. Kwangu kuna dada aliyeomba atindwe nyusi na Sinki.

Jambo ambalo programu haisaidii kabisa ni uchelewaji. Mwenye rangi akifika saa 3:20, unaweza kusogeza miadi yake nzima, lakini aliyepangwa ndani ya pengo lake anabaki pale pale saa 3:50, msusi akiwa bado anapaka, bila onyo lolote kwenye skrini. Kwetu, mwenye rangi akichelewa zaidi ya robo saa anampisha aliyepangwa kwenye pengo kama ameshafika, na sharti hilo nimeliandika kwenye ujumbe wa kuthibitisha miadi, ambao kwa bahati nzuri programu inaniruhusu kuuandika kwa Kiswahili.